Ubao Mmoja Nyuma ya Kabati

Kabati la ukutani huonya kabla ya kuanguka. Kwanza hufunguka mwanya mwembamba juu, pale mgongo wake unapokutana na lipu, mwanya ambao mwenye nyumba huudhani ni rangi iliyokauka vibaya. Wiki chache baadaye karatasi inaingia hapo bila kukwama. Baadaye milango miwili iliyokuwa ikikutana sawasawa inaanza kupishana, mmoja umeshuka na mwingine umebaki. Vumbi jekundu linaonekana juu ya sahani kila asubuhi, na mama mwenye jiko anawalaumu panya. Mpaka siku ile ya kishindo, kabati limeshatoa habari zake kwa miezi mingi.

Mjini Iringa, kama ilivyo Njombe, Mbeya na sehemu kubwa ya nyanda za juu kusini, nyumba nyingi zimejengwa kwa matofali ya kuchoma, na vumbi jekundu lile ni lao. Ukuta wa namna hii hauna tabia moja. Matofali hupangwa kuwa lundo kubwa, matundu ya kuni yakaachwa chini, nje lundo likakandikwa udongo, na moto ukawashwa kwa siku kadhaa. Yaliyo katikati na karibu na moto huiva hasa, yakagongwa yakalia kama chungu kizima. Yaliyo pembeni na juu hupata joto dogo, yakatoka na rangi hafifu na mwili laini unaokwaruzika kwa msumari. Mnunuzi huletewa mzigo mmoja uliochanganyika, mwashi huyapanga yote pamoja, lipu inapita juu yake, na tangu hapo hakuna ajuaye kwa macho lipi ni lipi.

Fundi seremala anapokuja na kabati lake, huo ndio ukuta anaotakiwa kuuamini. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kutoboa matundu mawili pale kabati linapotaka, kupitisha skrubu mbili katika mgongo wa plaiwudi nyembamba, kukaza na kuondoka. Matundu mawili ni bahati nasibu: moja linaweza kuangukia tofali lililoiva, na jingine likaangukia maungio ya udongo kati ya tofali na tofali. Tena skrubu zile zinabaki zikionekana kila mlango unapofunguliwa.

Ipo njia inayomaliza mambo matatu kwa mpigo: uimara, usawa na kuficha. Ni ubao mmoja uliopasuliwa kwa mshazari ukawa pacha wawili. Mmoja hufungwa ukutani, mwingine nyuma ya kabati, kisha wa kabati unakalia juu ya wa ukutani kama mtu aliyeshika ukingo wa dirisha. Kazi yote ngumu hufanyika wakati kabati lenyewe bado limelala sakafuni, na linapopandishwa linafunika kila alama iliyoachwa ukutani.

Tuchukue kabati la kawaida: upana sentimita 80, kimo 72, kina 30, la plaiwudi ya milimita 18, lenye rafu moja ndani na milango miwili. Likiwa tupu lina uzito wa kilo 23 hadi 25. Likijazwa sahani, bakuli, mitungi ya sukari na unga na sufuria mbili tatu, si ajabu mzigo wa ndani kufika kilo 40. Kwa hiyo ukuta unabebeshwa kilo 65, uzito wa mtu mzima, usiku na mchana kwa miaka.

Uzito huo unauvuta ukuta kwa namna mbili, na anayetaka kuelewa atazame mkwezi wa mnazi. Anapoegama nyuma na kamba yake, miguu inausukuma mti na mikono inavutwa mbali nao. Kabati nalo chini linausukuma ukuta, juu linavutwa mbali. Uzito wake umekusanyika kama sentimita 16 kutoka ukutani. Vishikizo vikiwa juu, sentimita 65 kutoka chini ya kabati, kilo zile 65 huzaa mvuto wa kung'oa wa kilo 16 tu, na mvuto huo unagawanywa kwa skrubu zote. Sehemu kubwa ya mzigo inashuka chini, na skrubu nene iliyokaa ndani ya tofali gumu inaubeba bila shida. Lakini fundi akiweka vishikizo katikati ya kimo cha kabati, mvuto wa kung'oa unakaribia mara mbili. Mtoto wa kilo 20 akining'inia kwenye ukingo wa mlango uliofunguliwa, sentimita 50 kutoka ukutani, anaongeza kilo 15 nyingine peke yake. Ndiyo maana vishikizo huwekwa juu kadiri kabati linavyoruhusu.

Ubao wenyewe uchaguliwe kwa uangalifu. Msonobari wa mashamba ya Mufindi unapatikana kila duka la mbao, ila mara nyingi huuzwa ukiwa na maji, na ukikaukia ukutani hujipinda. Mninga ni bora zaidi kwa kazi hii, kwa sababu husinyaa kidogo sana na mshazari wake hauchaniki upesi. Kipande cha unene wa milimita 20 na upana wa sentimita 14 kinatosha. Msumeno unaulalia kwa nyuzi 45 katikati ya upana, ubao unagawanyika kuwa pacha wawili wa sentimita 7 kila mmoja, na ncha kali ya mmoja inalingana na ncha kali ya mwenzake.

Pacha wa ukutani hufungwa mshazari ukiwa juu, na ncha yake kali ikiwa upande wa mbele, mbali na ukuta. Hapo kati ya ubao na ukuta unabaki mfereji wa umbo la V. Pacha wa kabati hugeuzwa: mshazari unatazama chini na ncha kali iko upande wa ukuta. Kabati linapoteremshwa, ncha inaingia mferejini, na kadiri mzigo unavyozidi ndivyo mbao zinavyobanana na kulivuta kabati kuelekea ukutani. Akizifunga kinyume, kabati litateleza mbele, kwa hiyo ni vyema azijaribu mkononi kabla ya kushika drili.

Ili mbao zifichike, kabati lazima liwe limetengenezwa kwa nia hiyo. Mgongo wake hauwekwi mwisho kabisa mwa mbao za pembeni. Unasogezwa ndani, na pembeni zinaachwa zikipita nyuma yake kwa milimita 25. Milimita 20 ni za ubao, na 5 za ziada ni za kuchongwa baadaye kufuata mawimbi ya ukuta. Pacha wa kabati hukaa katika uwazi huo, chini kidogo ya mfuniko wa juu, akiwa amepakwa gundi ya mbao na kupigwa skrubu zinazoingia katika mbao za pembeni na katika mfuniko wenyewe. Mgongo wa milimita 6 usibebeshwe kitu. Kabati nyingi zilizong'oka ziliacha mgongo wake ukutani na skrubu zikiwa imara kabisa: ukuta ulishika, plaiwudi ndiyo iliyochanika.

Sasa ni zamu ya ukuta, na kwanza ni kutafuta mahali.

Sakafu si ya kuaminiwa. Katika jiko la mita mbili na nusu, si jambo geni sakafu kuwa imeshuka sentimita nzima kuelekea mlangoni, wakati mwingine kwa makusudi ili maji ya kudeki yatoke. Fundi anayepima kimo kutoka sakafuni pande zote mbili huunakili ule mteremko na kuupeleka kwenye kabati. Kipimo kichukuliwe mara moja tu, kutoka mahali palipo juu zaidi pa meza ya jiko, kisha kihamishwe kwa usawa wa maji.

Kwa umbali mfupi pimamaji ya mita moja inafaa, mradi ipimwe nayo kwanza. Inawekwa ukutani, kiputo kinaletwa katikati, mstari unachorwa. Kisha inageuzwa, kichwa chake cha kulia kiende kushoto, na kuwekwa kwenye mstari uleule. Kiputo kikirudi katikati, pimamaji ni nzima. Kikikaa pembeni, mstari wa kweli uko katikati ya ule uliochorwa na ule ambao pimamaji iliyogeuzwa inautaka. Pimamaji iliyoangushwa mara mbili kutoka kwenye ngazi huongopa, tena huongopa kwa upole usioonekana mpaka milango ifungwe.

Kwa ukuta mrefu, mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani bado haujapata mpinzani kwa bei yake. Unajazwa maji na kuachwa mpaka mapovu yote yatoke, kwa sababu povu moja linatosha kuvuruga kipimo. Mtu mmoja anashika ncha kwenye alama ya kwanza, mwingine anasubiri maji yatulie kwenye ncha ya pili na kuchora pale yaliposimama. Waashi huusawazisha msingi wa nyumba nzima kwa mpira huo, hivyo kabati moja ni jambo jepesi kwake.

Katika mfano wetu meza ya jiko iko sentimita 90 kutoka sakafuni. Kati yake na kabati huachwa kama sentimita 50, ili mpishi aone sufuria ya nyuma na kichwa chake kisigonge. Chini ya kabati panaangukia sentimita 140, na juu yake 212. Fundi anapima kwenye kabati lenyewe kutoka chini hadi mahali ambapo ncha ya ubao wa ukutani itafika, anapata 65, na kwa hiyo anachora mstari ukutani kwenye sentimita 205. Mstari huo ndio ukingo wa juu wa ubao. Ubao unakatwa sentimita 75, pungufu kidogo ya upana wa ndani wa kabati ambao ni 76.4, ili kabati libaki na nafasi ya kusogezwa kushoto au kulia. Juu nako paachwe nafasi ya sentimita 4 au 5 hadi kwenye dari, kwa kuwa kabati hupandishwa kupita kimo chake kisha likateremshwa.

Kabla ya kutoboa, fundi atazame swichi na soketi zilizo karibu. Nyaya za umeme zilizofukiwa ndani ya lipu kwa kawaida hupanda wima kutoka kwenye kisanduku cha swichi, au hukata mlalo kutoka kimoja hadi kingine. Njia hizo mbili zikwepwe, na umeme wa ukuta huo uzimwe wakati wa kutoboa ikiwa drili inaweza kupata umeme kwingine.

Sasa anatafuta matofali. Lipu imeyafunika, lakini vumbi linasema. Kwa biti nyembamba ya milimita 4 anatoboa tundu la majaribio ndani ya eneo ambalo ubao utalifunika, na bahasha iliyobandikwa chini ya tundu inalikinga vumbi. Kwanza hutoka la kijivu, ambalo ni lipu, kwa milimita 15 au 20. Likigeuka jekundu na drili ikawa inasonga taratibu kwa mwendo mmoja, hapo kuna tofali lililoiva. Likiwa jekundu hafifu na biti ikazama kama kwenye muhogo, tofali ni bichi nusu. Likiendelea kuwa la kijivu, au likageuka la kahawia kama la shambani, biti imeingia kwenye maungio, na hapo si mahali pa skrubu. Anasogea sentimita 3 juu au pembeni na kujaribu tena. Ukuta unaweza kuishia na matundu madogo manane, na hakuna ubaya: yote yatakaa nyuma ya ubao. Uhuru huu wa kuchagua tofali ndio faida kubwa ya ubao kuliko skrubu mbili za moja kwa moja, ambazo hazina pa kusogea.

Skrubu nne zinatosha kwa ubao wa sentimita 75: za mwisho ziwe sentimita 5 kutoka ncha, na zilizobaki zigawane nafasi ya kati. Kwa mpangilio huo zinaachana kama sentimita 22, na kwa kawaida kila moja huangukia tofali lake. Tofali moja likiwa bovu, matatu yanabeba.

Tundu kamili linatobolewa kwa biti ya milimita 8, na hapa fundi azime ule mtikiso wa nyundo wa drili. Mtikiso unafaa kwa zege. Kwenye tofali la kuchoma hulipasua kwa ndani na kuacha tundu pana lenye kuta zinazomomonyoka, wakati kwa nje linaonekana safi. Kuzunguka tu kunachukua muda mrefu zaidi na kunaacha tundu la duara. Kina kipite jumla ya unene wa lipu na urefu wa kishikizo kwa sentimita moja, na vumbi lipulizwe au lifyonzwe litoke, la sivyo kishikizo kitasimama juu ya vumbi badala ya kufika mwisho. Macho yakingwe kwa miwani.

Kishikizo ni kile kifuko cha plastiki ambacho mafundi wengi hukiita fisha. Jina hilo ni la Artur Fischer, mvumbuzi wa Kijerumani aliyebuni kifuko cha nailoni cha namna hii mwaka 1958. Kabla yake, mwanzoni mwa karne ya 20, Mwingereza John Joseph Rawlings alitengeneza vya nyuzi za mmea, na kabla ya hapo mafundi walichonga kabari za mbao. Kabari ya mbao bado hupigwa katika nyumba nyingi. Shida yake ni kwamba huingia ikiwa na unyevu, ikakauka na kusinyaa, na skrubu inabaki ikicheza. Nailoni haisinyai. Skrubu inapoingia, kifuko hutanuka na kuzikaba kuta za tundu.

Kutanuka huko lazima kutokee ndani ya tofali. Fisha ikiachwa na mdomo wake sawa na uso wa ukuta, sentimita mbili za kwanza zinatanuka ndani ya lipu, lipu inapasuka, na nguvu inapotea. Inasukumwa kwa msumari butu mpaka mdomo wake uzame kupita lipu. Skrubu ya milimita 6 yenye urefu wa sentimita 10 inatosha: sentimita 2 ziko katika ubao, 2 katika lipu, na 6 ndani ya tofali, ambako ndiko kazi iliko.

Mizunguko ya mwisho ikazwe kwa bisibisi ya mkono, kwa sababu mkono husikia. Skrubu iliyoshika hukaza, hukaza zaidi, kisha hukataa. Ile inayofika mahali ikaendelea kuzunguka kwa uzito uleule haijashika kitu, hata kama kichwa chake kimelala vizuri kwenye ubao. Mashine ya kukazia hupita hapo bila kuitambua tofauti, na huiharibu hata fisha nzuri.

Skrubu moja ikikataa kushika, fundi atafute tofali jingine chini ya ubao huohuo. Zikiwa mbili au tatu, ukuta umejitambulisha, na dawa ni gundi ya kemikali inayouzwa kwenye tyubu yenye mdomo wa kuchanganyia. Tundu linatobolewa pana kidogo, linasuguliwa kwa brashi na kupulizwa mara kadhaa mpaka lisitoe vumbi, kwa sababu gundi iliyoshika vumbi haijashika tofali. Linajazwa kuanzia mwisho kuja mdomoni, rodi ya chuma yenye hesi inazungushwa ndani, na haiguswi mpaka muda ulioandikwa kwenye tyubu uishe. Gundi hiyo haisukumi kuta za tundu kama fisha, bali hupenya katika vinyweleo vya tofali na kulishika bila kulipasua. Baadaye ubao hupachikwa kwenye rodi na kukazwa kwa nati.

Ukuta wa tofali bichi la udongo, ambalo halikupita motoni, hautibiki hata kwa hayo. Kabati la jikoni lisining'inizwe hapo. Liwekewe nguzo mbili nyembamba zinazosimama juu ya meza ya jiko na kuushusha uzito wote huko, ubao wa ukutani ubaki na kazi moja tu ya kulizuia lisiiname mbele.

Ukuta wa lipu ya mkono hauko bapa hata ukionekana hivyo. Rula ndefu iliyonyooka ikiwekwa juu ya mstari huonyesha mwanga chini yake mahali penye bonde. Skrubu ikikazwa hapo, ubao unavutwa kuingia bondeni na kujikunja, kabati linafuata, na milango ya kabati lililopindika haikutani kamwe. Fundi hukata vijipande vyembamba vya plaiwudi na kuvipenyeza nyuma ya ubao mahali penye mwanya, penye skrubu kabisa, mpaka rula ilale juu ya ubao bila kucheza. Mwanya ukizidi milimita 5 ni afadhali lipu irekebishwe, kwa sababu skrubu inayopita hewani hupinda.

Ubao ukishakazwa, apewe mtihani kabla ya sahani. Kulabu imara za chuma zinaingizwa mferejini, na ndoo nne za lita 20 zilizojaa maji zinaning'inizwa, mbili kila upande. Hizo ni kilo 80, kupita mzigo wote wa kabati. Zikae usiku kucha pasipo na mtoto wala mguu wa mtu chini yake. Asubuhi pimamaji inarudishwa juu ya ubao. Kiputo kikiwa palepale, na lipu haijachora ufa kuzunguka skrubu, kazi inaendelea. Jaribio hili halina gharama yoyote, na inasikitisha kuona jinsi linavyorukwa.

Kabati lipandishwe na watu wawili, likiwa halina milango wala rafu. Wanalilaza ukutani juu kidogo ya mstari na kuliteremsha taratibu mpaka mlio wa mbao kukutana usikike. Kwa sasa limeshikwa juu tu, na chini kuna uwazi nyuma ya mgongo. Pasipojazwa, kabati litaegemea ukuta kwa miguu na kuinamisha uso chini. Ubao wa unene uleule wa milimita 20, uliofungwa ukutani mapema karibu na mwisho wa chini wa kabati, ndio unaolisimamisha. Timazi inashushwa mbele yake: uzi ukiachana na ukingo kwa kipimo kimoja juu na chini, kabati limesimama wima. Pembe nazo zipimwe kwa mshazari, kona hadi kona. Kabati la 80 kwa 72 linatoa sentimita 107.6 pande zote mbili, na zikitofautiana kwa zaidi ya milimita mbili, mahali fulani linapindwa na ukuta.

Hapo ndipo zile milimita 5 za ziada za pembeni zinapopata kazi. Kabati likiwa mahali pake, mbao za pembeni zinaugusa ukuta penye vilima na kuuacha penye mabonde. Penseli iliyofungwa kwenye kijiti inaburuzwa ukutani kutoka juu hadi chini, nayo inachora juu ya ubao wa pembeni mawimbi yote ya lipu. Kabati linashushwa, mstari unafuatwa kwa randa na msasa, linarudishwa. Pembeni iliyochongwa hivi hukaa ukutani kama kifuniko kwenye chungu chake. Seremala asiye na subira huziba mwanya kwa silikoni, na rangi haishiki juu ya silikoni, hivyo mstari ule unabaki uking'aa daima. Penye mwanya wa unywele, puti ya maji inayokubali rangi inatosha.

Kinachobaki kuonekana ni kidogo. Skrubu moja fupi hupitishwa ndani ya kabati, chini ya rafu, kwenye ubao wa chini, ili mtu asije akaliinua kabati likatoka mferejini wakati wa kusafisha. Kichwa chake kinazamishwa katika tundu la milimita 10 na kuzibwa kwa kizibo cha mbao kilichochongwa kutoka kwenye masalia ya plaiwudi ileile, nyuzi za kizibo zikielekezwa kama nyuzi za mgongo. Gundi ikikauka, kinakatwa kwa patasi na kupigwa msasa, na kidole kinapita bila kukigundua. Kabati la pili likiongezwa pembeni, yote mawili yanabanwa pamoja kwa jiliwa na kuunganishwa kwa skrubu zilizopigwa mahali ambapo vyuma vya bawaba vitafunika. Bawaba zikifungwa juu yake, hakuna kifuniko cha plastiki kitakachohitajika.

Milango na rafu hurudishwa mwisho. Vyombo vizito vipangwe rafu ya chini na karibu na mgongo, kwa sababu kila sentimita kuelekea mbele inaongeza mvuto kwenye ubao.

Mwenye nyumba naye achore mstari mwembamba wa penseli juu ya kabati, pale linapokutana na ukuta, mahali ambapo haonekani mtu isipokuwa aliyepanda kiti. Mwezi mmoja baada ya vyombo kupangwa apande na kipande cha karatasi ya daftari, akijaribu kukipenyeza hapo. Karatasi isipoingia na mstari ukiwa haujahama, kabati liko pale lilipowekwa. Ikiingia, vyombo vishushwe siku hiyohiyo na fundi aitwe.